Saitimira Haioni Nyuma

Sahihi yangu ipo kwenye daftari la ukaguzi wa magari la asubuhi ile. Dereva aliandika kwa mkono wake: "Saitimira ya kushoto imelegea." Mimi nikatia saini chini yake, na lori likaingia kazini. Jana yake alikuwa ameandika maneno hayo hayo, na juzi yake pia. Naanza na daftari hilo kwa sababu kisa hiki kinanihusu kama kinavyomhusu dereva, na huenda kikamhusu kila anayesimamia yadi.

Nilikuwa msimamizi wa yadi katika depo ya vinywaji jijini Dar es Salaam. Ilikuwa Desemba, magari yanaingia na kutoka tangu alfajiri. Saa nne asubuhi Fuso moja yenye bodi ya boksi ilikuwa inarudi nyuma kwenda kupakia. Karani wetu wa mizigo, kijana mwenye bidii, alitoka ofisini akiwa na karatasi mkononi, akielekea ghalani. Kona ya nyuma ya bodi, upande wa kushoto, ikamgonga. Alianguka, na tairi likampanda mguu. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alipona, lakini hadi leo anachechemea.

Jioni ile niliandika taarifa ya ajali. Ilikuwa na sentensi mbili: dereva alirudi nyuma bila uangalifu, na karani hakuzingatia alamu ya rivasi ingawa ilikuwa inalia. Niliona nimemaliza kazi. Kesho yake afisa wa usalama kazini, mama wa makamo, aliisoma, akanirudishia.

"Kaka, hapa umeniandikia nani," alisema. "Hujaniandikia alikuwa wapi, anaona nini, na kwa nini. Twende yadini."

Tuliwahoji watu mmoja mmoja, kila mtu peke yake, ili maneno ya mmoja yasimwongoze mwingine. Yule mama hakumuuliza yeyote kosa ni la nani. Aliuliza tu: ulikuwa umesimama wapi, na uliona nini?

Utingo alisema alikuwa amesimama nyuma kushoto, akimwelekeza dereva kwa mkono. Katikati ya zoezi mpakiaji akamwita amsaidie kusogeza kreti, naye akaenda. Dereva naye alisema jambo ambalo sijalisahau: "Nilipomkosa kwenye kioo, nilijua ameniachia njia."

Hapo ndipo saitimira ilipoingia. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira, na injini ikinguruma inatetemeka. Kwa siku tatu dereva alikuwa akimwona utingo na kumpoteza, akimwona na kumpoteza, na kila mara anaendelea kurudi. Kutomwona mwongozaji kulishakuwa jambo la kawaida kwake. Kanuni inasema kinyume kabisa: ukimkosa mwongozaji kwenye kioo hata kwa sekunde moja, kanyaga breki, usiguse tena gari mpaka umwone. Lori linalorudi kwa mwendo wa mtu anayetembea, kama kilomita 5 kwa saa, linakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Sekunde nne tu ni zaidi ya mita 5, na hizo zilitosha.

Kisha yule mama akaniambia nipande, nikae kwenye kiti cha dereva. Injini imezimwa, ufunguo anao yeye. Akamwomba utingo atembee taratibu kulizunguka lori. Pembeni nilimwona vizuri. Alipopita kona ya bodi na kusimama katikati nyuma yake, alitoweka. Nikamwambia arudi nyuma hatua kumi, bado sikumwona. Saitimira huonyesha ubavu wa gari na kilicho sambamba nao. Kilicho nyuma ya boksi hakipo kwenye kioo chochote, hata kikiwa kizima na kisafi. Nilikuwa nimesimamia malori miaka mingi, na siku ile ndiyo ya kwanza kukaa pale na kujionea.

Nilishikilia hoja ya alamu. Ililia, mashahidi wote walikubali. Akanitaka nisimame alipopita karani, kazi ikiendelea. Malori matatu yalikuwa yanapiga rivasi kwa wakati mmoja, na jenereta linanguruma ukutani. Milio ilichanganyika, sikuweza kusema lori lipi linakuja wala linaelekea wapi. Alamu humwambia mtu kwamba kuna gari linarudi. Haimwambii ni lipi, wala haisimamishi gari. Anayeisikia kutwa nzima, masikio yake huizoea kama yanavyozoea feni.

Swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote: karani alifuata nini katika njia ya malori? Jibu lilikuwa chini ya kreti tupu. Yadi yetu ilikuwa na njia ya waenda kwa miguu, iliyochorwa kwa rangi ya njano kutoka ofisini hadi ghalani. Msimu ulipochanganya, kreti tupu zilirundikwa juu yake, nami nilizipitia kila siku. Watu walibaki na njia moja tu, ile ya magari. Tena malori yalikuwa yakiingia ghala likiwa kushoto, hivyo dereva alilazimika kukata kurudi kushoto, upande wa mbali na kiti chake, ambako anategemea kioo kimoja peke yake.

Dalili nyingine haikuwa hata kwenye daftari. Wiki mbili nyuma, lori liliangusha rundo la kreti pale pale. Hapakuwa na mtu. Tulizoa chupa zilizovunjika, tukaendelea na kazi. Laiti tungeliandika na kuuliza kwa nini dereva hakuliona rundo lenye urefu wa mtu, tungekuwa tumeichunguza ajali hii kabla haijaumiza mtu.

Taarifa ya pili ilikuwa na kurasa nne, na mchoro wa yadi wenye vipimo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali, lakini taarifa yangu ya kwanza ingeishia kumfukuza dereva na kuiacha yadi ilivyo. Ya pili ilibadilisha mambo. Kreti zilipewa sehemu yake, na njia ya miguu ikawekewa vizuizi vya chuma. Mzunguko wa magari uligeuzwa, ghala likawa kulia, upande wa dereva, na malori mengi sasa hayahitaji kurudi nyuma kabisa. Utingo anayeongoza gari hapewi kazi nyingine mpaka lisimame, wala hasimami nyuma yake. Lori lenye kioo kibovu haliingii yadini.

Ndugu msomaji, kama una yadi, kesho asubuhi kaa kwenye kiti cha dereva, ufunguo uwe mfukoni mwako, mtu atembee nyuma ya bodi. Angalia anapotoweka. Halafu shuka, utazame njia ambayo watu wako wanapita kwenda kunywa chai. Mimi nilifanya hivyo kijana akiwa tayari hospitalini. Na daftari likija mezani, soma kabla ya kutia saini, kwa maana dereva wangu alinionya kwa maandishi mara tatu.