Jina Kamili Kwanza, "Mnunuzi" Baadaye

Wanangu na wajukuu zangu wa Usevya, na ninyi mliohamia huku Mpimbwe na ng'ombe wenu mkawa wenzetu, nataka kusema nanyi juu ya mistari ya kwanza ya mkataba. Kila mtu hukimbilia bei na ukubwa wa eneo. Majina huandikwa harakaharaka, kwa kuwa siku ya kuuziana wote mnajuana. Lakini karatasi huandikwa kwa ajili ya siku ile msiyoelewana, na msomaji wake siku hiyo ni mtu asiyewajua.

Tazameni hati nyingi za mashamba ya mpunga zilivyo: "Mimi Mzee Shija nimemuuzia Mama Neema shamba langu ekari tatu." Leo kitongoji kizima kinajua Mzee Shija ni nani. Kwa Wasukuma, mtoto anayezaliwa baada ya pacha huitwa Shija, na pacha wenyewe ni Kulwa na Doto, kwa hiyo katika kijiji kimoja mnaweza kuwapata akina Shija na akina Kulwa wengi. Mama Neema naye ni jina la heshima alilolipata kwa mtoto wake, wala halimo katika kitambulisho chake. Mzee akifariki, watoto wake wakasema baba hakuuza, mama huyo atalazimika kuthibitisha mambo mawili kabla hata ya kufika kwenye mipaka ya shamba: kwamba Shija wa kwenye karatasi ndiye marehemu, na kwamba Mama Neema ni yeye. Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai ndiye athibitishe. Baraza la Kata litajaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, shauri litakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko Mpanda, ambako hakuna anayemjua Shija hata mmoja.

Sisemi kwamba hati ya namna hiyo haifai kitu. Kosa la jina peke yake haliui makubaliano iwapo mashahidi wapo na mtu anaweza kutambulika. Tatizo ni kwamba mnaweka haki yenu mikononi mwa mashahidi, na mashahidi huhama, husahau, hufa.

Basi andikeni jina kamili, majina yote matatu, kwa herufi zilezile zilizomo kwenye kitambulisho cha taifa. Kama kitambulisho kinasema Dotto kwa t mbili, msiandike Doto. Kando yake wekeni namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mkiisoma mbele ya mwenyewe mtaona mara moja kama umri wake unaendana naye. Halafu wekeni kitongoji na kijiji anachoishi. Kama hati zake zinatofautiana, mathalani cheti cha shule kina jina moja na kitambulisho kina jingine, mkataba ubebe la kitambulisho na kufuatiwa na maneno "ambaye pia anajulikana kwa jina la", na kiapo cha majina kilichoapwa mbele ya wakili au hakimu kiambatishwe. Asiyejua kusoma asomewe mkataba wote, aweke dole gumba, na jina lake kamili liandikwe pembeni ya alama hiyo.

Baada ya jina kamili ndipo linakuja jina fupi. Huu ni mfano, na majina ni ya kubuni:

"Mkataba huu umefanyika baina ya KULWA SHIJA MASANJA, mwenye namba ya NIDA (iandikwe yote), mkazi wa Kijiji cha Usevya, ambaye katika Mkataba huu ataitwa 'Muuzaji', kwa upande mmoja, na NEEMA JUMA KASHINDYE, mwenye namba ya NIDA (iandikwe yote), mkazi wa Kijiji cha Usevya, ambaye katika Mkataba huu ataitwa 'Mnunuzi', kwa upande wa pili."

Kuanzia hapo, Mnunuzi mwenye herufi kubwa ni Neema Juma Kashindye na si mtu mwingine. Ongezeni kwamba maneno Muuzaji na Mnunuzi yatajumuisha warithi na wasimamizi wa mirathi wao, ili wajue mapema kwamba makubaliano hayakuishia kwa marehemu. Kisha lindeni jina fupi mlilochagua. Ukianza na Mnunuzi, usije ukamwita Mlipaji katika kifungu cha tatu na Mhusika katika cha sita, maana msomaji atadhani ameingia mtu wa tatu. Wanunuzi wakiwa wawili, andikeni wote kwa majina kamili, kisha "kwa pamoja wataitwa Wanunuzi".

Kuna mikataba ambayo neno Mnunuzi lenyewe ni mtego. Mfanyabiashara anakukopesha mbolea wakati wa kilimo, nawe unamlipa kwa magunia ya mpunga wakati wa mavuno. Hapo mkulima ni mnunuzi wa mbolea na muuzaji wa mpunga, na mwenzake ni kinyume chake. Kifungu kikisema "Mnunuzi atakamilisha malipo kabla ya tarehe 31 Agosti", kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na karatasi haitawaamua. Mkataba wa namna hiyo tumieni majina yasiyogeuka: "Mkulima" na "Mfanyabiashara".

Jambo la mwisho ni kuhakikisha kwamba aliyetajwa ndiye mwenye uwezo wa kufungwa na mkataba. Jina la duka au la mashine ya kukoboa lililopakwa ukutani si mtu. Hata likiwa limesajiliwa BRELA kama jina la biashara, anayedaiwa ni mwenye biashara, kwa hiyo andikeni jina lake kamili, kisha "anayefanya biashara kwa jina la" duka hilo. Kampuni ni tofauti: hiyo ni mtu mbele ya sheria, basi iandikeni kama ilivyo kwenye cheti chake bila kukata hata neno la mwisho, pamoja na namba ya usajili, na atajwe anayesaini kwa niaba yake na cheo chake. Hivyohivyo AMCOS iliyosajiliwa: mwenyekiti anasaini, ila mhusika ni chama.

Shamba likiwa la marehemu, mtoto mkubwa hawi muuzaji kwa kuwa tu ni mkubwa. Muuzaji ni aliyeteuliwa na mahakama, na aandikwe kwa jina lake "akiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu" fulani. Ombeni kuona barua ya uteuzi kabla ya kuhesabu fedha. Asipokuwa na barua hiyo, mmenunua kwa mtu ambaye shamba si lake kuuza. Na kwa ardhi ya kijiji, kumbukeni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Majina kwenye muhtasari wa kikao yalingane na yaliyo kwenye mkataba, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo, kabla hamjasaini, mmoja wenu ashike vitambulisho na mwingine asome mkataba kwa sauti. Kila mnapofika kwenye neno Muuzaji au Mnunuzi, badala yake tamkeni jina kamili la mtu. Sentensi ikileta maana mliyokubaliana, endeleeni. Isipoleta, simamisheni kalamu na karatasi iandikwe upya siku hiyohiyo, wakati wote mko hai na mnaelewana.