Mama Anaposema, "Umenisahau"

Soma: Kutoka 20:12, Marko 7:9–13, Luka 2:48–51, Waefeso 4:29, Filemoni 8–19, Yakobo 4:13–15.

Fungu la Kukariri: Waefeso 4:29.

Fikiria shemasi mmoja anayefanya kazi Mwanza. Mama yake ni mjane, anaishi kijijini karibu na Rulenge, wilayani Ngara. Ana simu ya kitochi, na kwa kuwa macho yake yamefifia, mjukuu wake wa darasa la sita humsomea kila ujumbe kwa sauti. Siku moja mama anamwandikisha mjukuu maneno haya: "Mwanangu, tangu mavuno ya mwaka jana hujakanyaga hapa. Naona utakuja siku ya kunizika."

Maneno hayo yanamchoma shemasi. Papo hapo anaandika:

"Shikamoo mama. Kila mwezi nakutumia hela, nani mwingine kati ya watoto wako anafanya hivyo? Kaka yuko Ngara mjini, mbona yeye humsemi? Kila Sabato nina zamu kanisani, na Yesu alikataza tusimpende mzazi kuliko yeye. Ukisema habari za kuzikwa unaniumiza, hata kazi sifanyi. Likizo sina mpaka Juni. Mungu akipenda nitakuja."

Kabla ya kuutuma, anausoma kwa sauti, kama mjukuu atakavyousoma. Hakuna tusi ndani yake, wala hakuna uongo. Lakini mama aliuliza jambo moja tu: mwanangu atakuja lini? Katika ujumbe wote huo, ni sentensi moja inayokaribia kumjibu, ile ya likizo. Nyingine zote zina kazi nyingine. Zinataka mama ajisikie mkosaji ili anyamaze.

*Soma Waefeso 4:29. Paulo anasema maneno yetu yampe nini anayeyasikia? Pima kila sentensi ya shemasi kwa kipimo hicho.*

Tuzichukue moja moja, tukiuliza: sentensi hii inamweleza mama jambo analohitaji kulijua, au inamtia deni?

Hela anazotuma ni kweli, na mama anazijua, kwa kuwa yeye ndiye anayezipokea. Kumkumbusha sasa ni kumwambia kwamba amekwisha kulipwa, asidai tena kumwona mwanawe. Sentensi hiyo ifutwe. Ile ya kaka nayo ifutwe. Kama kuna neno la kuzungumza na kaka, aambiwe kaka mwenyewe. Mama asifanywe hakimu kati ya wanawe, tena mbele ya mjukuu anayesoma.

Sentensi ya kanisa ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inamtumia Mungu.

*Soma Marko 7:9–13. Watu wale walifanya nini na mali ambayo ingewasaidia wazazi wao, na Yesu aliwaambia nini?*

Mtu alitangaza kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na hapo mzazi hakuweza kudai kitu tena. Nani angebishana na sadaka? Yesu alisema kwamba kwa njia hiyo walilitangua neno la Mungu, ile amri ya tano yenyewe. Zamu ya ushemasi ni kazi njema, lakini zamu hubadilishwa. Shemasi anaweza kumwomba mwenzake amshikie Sabato moja au mbili. Akimwambia mama kwamba kumdai ziara ni kushindana na Yesu, amemfungia mdomo kwa Korbani yake mwenyewe. Na mama anayempenda Mungu ataumia mara mbili: amemkosa mwana, na sasa anajiona amemkosea Bwana. Sentensi hiyo ifutwe yote.

Kisha yapo maumivu yake. Ni halali kumwambia mama kwamba maneno yake yamegusa moyo. Lakini "unaniumiza, hata kazi sifanyi" inamfanya mama awajibike kwa riziki ya mwanawe. Tena, inapita juu ya jambo la kuulizwa. Mzee anayetaja kuzikwa huenda analaumu tu, huenda anaumwa. Kwa hiyo kabla ya kujibu, shemasi ampigie simu mama amjulie hali, amuulize na mjukuu kama bibi anakula na kulala vizuri.

Mwisho, "Mungu akipenda nitakuja." *Soma Yakobo 4:13–15.* Yakobo anafundisha kusema hivyo na kutaja jambo tunalokusudia kufanya. Shemasi hakukusudia lolote. Ametumia jina la Mungu kukwepa tarehe. Sentensi hii haihitaji kufutwa, inahitaji kupewa siku.

Baada ya simu na kazi hiyo ya kufuta, ujumbe umekuwa huu:

"Shikamoo mama. Ni kweli, ni muda mrefu sijaja, nami nimekukumbuka. Likizo yangu ni Juni, kabla ya hapo sitaweza. Mungu akipenda nitapanda basi Jumapili ya kwanza ya Juni, nikae siku 5. Mpaka hapo nitakupigia kila Jumatano jioni."

Angalia kwamba neno "sitaweza" limebaki. Kuondoa hatia si lazima kukubali kila ombi. Mama bado anaweza kusikitika, kwa kuwa Juni ni mbali. Lakini huzuni hiyo inatokana na jambo lenyewe, haikupandwa na mwanawe ili imtawale. Angalia pia kwamba ujumbe unaanza kwa kukiri lile lililo kweli katika lawama ya mama.

*Soma Luka 2:48–51. Mariamu alimwambia Yesu nini baada ya kumtafuta kwa uchungu? Yesu alifanya nini baada ya kujibu?*

Yesu alieleza kwa nini alikuwa hekaluni. Luka anasema wazazi wake hawakuelewa jibu lile. Hata hivyo, alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Huenda mama wa Rulenge naye hataelewa ratiba ya kazi ya mjini. Anaweza hata kujibu, "Haya, nimeshazoea." Hapo jaribu la kurudisha zile sentensi nne litakuja tena. Shemasi asiongeze utetezi. Amwambie, "Nimekusikia mama, tutaongea Jumatano," na Jumatano apige. Simu mbili au tatu zilizopigwa kwa siku iliyoahidiwa zitamtuliza mama kuliko maelezo marefu. Na akiikosa Jumatano ya kwanza, ujumbe wote ule mzuri umekuwa maneno matupu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika Filemoni 8, 9 na 14, Paulo anaacha kuamuru ili wema wa Filemoni uwe wa hiari. Lakini katika fungu la 19 anagusia deni la Filemoni kwake. Je, huko ni kumtia hatia? Jadilini tofauti, kama ipo.

2. Soma 2 Wakorintho 7:8–10. Barua ya Paulo iliwahuzunisha Wakorintho. Utajuaje kama neno lako la kweli litamhuzunisha mtu kwa faida yake, au linamhuzunisha ili wewe upumue?

3. Ni Korbani zipi tunazitumia leo dhidi ya wazazi wetu: makambi, kwaya, vikao, sadaka ya ujenzi?

4. Fungua ujumbe wa mwisho uliomtumia mzazi wako. Usome kwa sauti, kama mtoto angemsomea. Ni sentensi ipi ungeifuta?