Mtu Anayeweza Kuwa Mwongo Aonyeshwe Karatasi?

Mlinzi yule hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani katika mahakama ya hakimu, mji mmoja wa Bonde la Ufa, akishtakiwa kuiba mali ya mwajiri wake: mabunda ya nyaya za umeme kutoka duka la vifaa vya ujenzi alilokuwa akililinda usiku. Alikuwa amekana shitaka, amepewa dhamana, na siku hiyo kesi ilikuja kutajwa tu. Mimi nilikuwa benchi la nyuma nikisubiri kesi nyingine, ya mwanasiasa, ambayo hata haikusikizwa.

Hakimu akamuuliza kama yuko tayari kwa kesi kuanza. Akajibu, "Mheshimiwa, sijui wanasema nini juu yangu."

Kwa sheria ya Kenya, sentensi hiyo ni ombi kamili. Halihitaji hati ya kiapo wala Kilatini. Wakili angesema, "Naomba nipewe taarifa za mashahidi na nakala za vielelezo," na angeitaja Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya 2010, inayompa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unanuia kuutegemea, na kuufikia kwa kiasi kinachofaa. Ni kitu kilekile. Hakimu aliamuru apewe, kesi ikaahirishwa wiki mbili.

Jirani yangu pale benchini, mzee aliyekuja kwa kesi ya shamba, akaninong'oneza: "Sasa si wanamfundisha mwizi namna ya kujitetea?"

Swali hilo nimetembea nalo muda mrefu, kwa sababu si la kijinga. Mtu aliyetenda kosa akijua kila shahidi atasema nini, ana miezi ya kushona uongo unaokaa sawasawa katikati ya yale wanayoyajua. Anaweza pia kumfuata shahidi nyumbani. Kwa nini serikali imwonyeshe mtu karata zake, na yeye asionyeshe zake? Maana ndivyo ilivyo. Mwaka 2008, katika rufani ya Cholmondeley, Mahakama ya Rufani ilikataa agizo lililomtaka mshtakiwa afichue utetezi wake kabla ya wakati. Majaji haohao walisema upande wa mashtaka una wajibu wa kutoa mapema taarifa za mashahidi na nakala za hati. Ukiona kuna kitu kisichofaa kutolewa, uende kwa jaji na sababu zake, aamue yeye. Mzani umeinamishwa makusudi.

Nilidhani jibu ni huruma: serikali ina polisi na maabara, mlinzi ana tochi. Hiyo ni kweli, lakini haimjibu mzee. Jibu nililiona baadaye, kwenye karatasi zenyewe.

Zilikuwa kurasa saba, nakala hafifu, na aliambiwa alipie shilingi kumi kila ukurasa. Zilikuwa kwa Kiingereza. Hapa mtu asipite haraka. Shahidi huongea Kiswahili au lugha ya mama, askari akaandika kwa Kiingereza cha kituoni, shahidi akatia sahihi. Kisha mshtakiwa anapewa karatasi asiyoweza kuisoma, na faili inaonyesha "amepewa". Katiba, Ibara ya 50(3), inasema habari inayopaswa kutolewa itolewe kwa lugha ambayo mtu anaielewa. Mlinzi wetu alisomewa na mpwa wake wa sekondari, jioni, kwa mwanga wa simu. Baadaye wakili mmoja kijana alijitolea kumsaidia, naye akaomba kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: kurekodi kote kwa kamera ya CCTV, si kipande tu.

Kipande kilikuwa cha dakika nne. Kilimwonyesha mlinzi akifungua lango saa nane usiku na gari jeupe likiingia. Ukikitazama hicho peke yake unasema, kwisha. Wakili alitaka kujua gari lilitoka saa ngapi, na nani mwingine aliingia usiku ule. Kielelezo cha aina hii hakitolewi fotokopi. Inabidi upewe nakala ya faili lenyewe pamoja na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilivyotolewa kwenye mashine. Afisa mpelelezi alijibu kwamba mashine hujifuta yenyewe na kuandika upya. Miezi ilikuwa imepita. Yeye alikuwa amechukua alichokihitaji.

Hilo ndilo shimo la haki hii. Maneno ya Katiba yanagusa ushahidi ambao mashtaka *yananuia kuutegemea*. Je, ule wasionuia? Uingereza walijifunza kwa gharama ya mtu: Judith Ward alihukumiwa mwaka 1974 kwa mlipuko wa basi uliowaua watu 12, akatoka mwaka 1992, mahakama ilipokubali kwamba matokeo ya vipimo vya maabara yaliyoweza kumsaidia yalikuwa yamefichwa. Anayekusanya ushahidi ndiye anayechagua pia cha kuacha. Ombi la wakili lisipotaja kitu kwa jina, na mapema, kinaweza kujifuta.

Siku ya kesi, mfanyakazi wa duka anayelala jengo la jirani alitoa ushahidi. Alisema alichungulia akamwona mlinzi akisaidia kupakia nyaya. Wakili akampa ukurasa wa tatu wa zile saba. Aliitambua sahihi yake. Siku mbili baada ya wizi alikuwa amewaambia polisi aliona gari jeupe tu, hakuweza kuona watu. Akaulizwa lini macho yake yalipona. Ukurasa ule ukaingizwa kuwa kielelezo cha utetezi.

Hapo nikamkumbuka mzee. Yeye aliogopa mshtakiwa atashona maneno yake. Hakuogopa kwamba shahidi naye hushona, na kwamba ana muda uleule, na pengine msaada. Taarifa inapokabidhiwa mapema, wa kwanza kufungwa na maneno ni aliyeyatoa. Mlinzi alipata habari, ndiyo, lakini shahidi alipoteza nafasi ya kusogea. Kabla karatasi haijatoka mikononi mwa polisi, hadithi bado ni udongo mbichi.

Hofu ya shahidi kufuatwa nyumbani siiondoi. Kuna mashahidi, hasa watoto na waliodhulumiwa kingono, ambao jina na makao yao ni hatari. Kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006, na hakimu anaweza kuruhusu sehemu zifutwe. Ila sababu iletwe kwa hakimu, isikae kimya kwenye droo ya mpelelezi. Wala "mapema" si lazima iwe siku moja kabla ya kesi nzima. Katika shauri la Apaa la mwaka 2012, Mahakama Kuu ilisema neno hilo lisibanwe namna hiyo, kwani kinachotakiwa ni mshtakiwa aujue ushahidi kabla haujatolewa na aweze kuufikia. Uamuzi huo una mantiki, maana upelelezi huendelea. Lakini nimeona ukitumiwa kumpa mtu taarifa saa tatu asubuhi na shahidi akapanda saa nne. Kinachopatikana hapo mara nyingi ni ahirisho, au shahidi kuitwa tena, si kuachiliwa.

Mlinzi aliachiliwa. Hakimu alisema shahidi pekee aliyedai kumwona mlinzi na nyaya hakuaminika, na kipande cha dakika nne hakikuonyesha nyaya wala mtu akipakia.

Je, aliiba? Sijui. Nilimuuliza nje ya lango kwa nini alilifungua saa nane usiku. Aliniangalia kidogo, akakunja zile karatasi saba akazitia ndani ya koti, akasema gari lilikuwa la tajiri, na tajiri akipiga honi huulizi. Kurekodi kulikoweza kumwonyesha nani alikuwa ndani ya gari hilo kulikuwa kumeshafutika.