Mstari wa Tisa

Mhadhiri wetu wa tafsiri, katika chuo kimoja hapa Voi, alitupa kazi ambayo kwa masikio ilikuwa rahisi. Tafuta matini simulizi ya lugha ya nyumbani, isipungue dakika tatu. Iandike, itafsiri kwa Kiswahili, kisha uipange kwenye jedwali: chasili kushoto, tafsiri kulia. Alama 30. Wenzangu wengi walikimbilia ngano za sungura. Mimi nikapanda matatu ya Wundanyi siku ya Jumamosi, nikamrekodi babu akifanya kutasa.

Kwa msomaji asiye wa milima hii nieleze kidogo. Mtu mzima anajaza kinywa maji, au maji ya miwa, au pombe ya miwa, anayapuliza nje yakaruka kama manyunyu, na kati ya mpulizo mmoja na mwingine anatamka maneno. Maneno hayo yanaitoa hasira moyoni mwake na kuwaombea heri watu wa nyumba na mifugo. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona tendo hili ndilo kiini cha dini ya Wataita wa zamani, hata kitabu chake cha 1978 akakipa jina linalohusu kuitoa hasira nje. Siku hizi wengi wetu ni watu wa kanisa na kutasa unaisikia kwa nadra. Babu yangu ni wa kanisa pia, ila haoni ugomvi kati ya vitu hivyo viwili.

Rekodi ilikuwa ya dakika nne na kidogo. Nikarudi Voi nikiwa na furaha, nikafungua kompyuta, nikaanza vibaya. Sikutengeneza jedwali. Niligawa ukurasa nusu kwa nusu kwa kubonyeza nafasi nyingi, Kidawida huku, Kiswahili kule. Kwenye kioo changu ilikaa sawasawa. Nilipoifungua kwenye mashine ya saiba, herufi zilibadilika upana, mistari ikaanza kuteleza, na kufikia katikati ya ukurasa neno la moyo lilikuwa limetazamana na neno la ng'ombe. Kosa hilo ni rahisi kulikamata: nenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho. Kama wa mwisho wa kushoto haukutani na wa mwisho wa kulia, kuna mahali juu umeteleza. Basi nikatengeneza jedwali la kweli, kila kipande na kisanduku chake. Kwenye Word nikaondoa alama ya `Allow row to break across pages` ili kisanduku kisikatwe na mwisho wa ukurasa, nikaweka safu nyembamba ya nambari upande wa kushoto kabisa, na maandishi yote yakaanzia juu ya kisanduku badala ya kuelea katikati.

Hapo ndipo swali lenyewe lilipotokea: kipande ni nini? Kwa hadithi ya sungura ungekata kwa sentensi na mambo yakaisha. Lakini babu hakuwa akisema kwa sentensi. Alikuwa akisema kwa pumzi. Mpulizo, maneno machache, mpulizo tena. Mara nyingine wazo moja lilikatwa na maji katikati. Nikikata kwa sentensi, jedwali lingesomeka vizuri na babu angetoweka. Nikaamua kukata pale alipopuliza, na nikapata vipande 17.

Tatizo la pili lilitoka upande wa kulia. Kiswahili kilitaka kuunganisha kipande cha 5 na cha 6 kuwa sentensi moja. Programu inakuruhusu kuunganisha visanduku viwili kuwa kimoja, na nilijaribu, lakini ukilihamishia jedwali kwenye programu nyingine visanduku hivyo vinaweza kukosa adabu. Isitoshe, jicho la msomaji linaona kisanduku kikubwa na kusahau kwamba babu alinyamaza hapo kupuliza maji. Mwishowe niliviacha viwili na kuiruhusu sentensi ya Kiswahili ivunjike pia, nusu huku nusu kule. Inasomeka kwa kuchechemea. Sawa, hata babu alikuwa akichechemea.

Sasa niseme jambo ambalo mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kijerumani halimsumbui sana. Kidawida na Kiswahili ni ndugu. Mndu ni mtu, mwana ni mwana, mpangilio wa sentensi unafanana. Kwa hiyo ukiweka tafsiri sisisi, neno kwa neno, kwenye safu ya kulia, inaonekana kana kwamba umeshatafsiri. Jedwali linapendeza, kila neno lina pacha wake, na hapo ndipo unapodanganyika. Chukua neno ngolo. Kiswahili chake ni moyo, hakuna ubishi. Lakini kwa Kiswahili nikisema nina hasira moyoni, nimekuambia habari zangu mimi, jambo la ndani ambalo ukitaka utalipuuza. Kwa wazee wa Dawida, hasira iliyokaa ndani ya ngolo ya mtu inaweza kumfikia mwingine, ikamwangusha mtoto kitandani. Ni habari ya watu wawili. Neno limelingana na neno, kisanduku kimelingana na kisanduku, na maana imebaki nje imesimama mlangoni.

Nilishawishika kuirefusha tafsiri: hasira moyoni inayoweza kumdhuru mwingine. Nikaifuta. Babu hakusema hivyo, na kisanduku cha tafsiri si mahali pa mtafsiri kuhutubia. Nikaongeza safu ya nne ya maelezo, nyembamba, kwa maneno ya kawaida. Origeni kule Kaisaria, karne ya 3, alipanga Agano la Kale kwa safu sita, neno moja au mawili kwa kila mstari, na katika kazi yake juu ya matini ya Kigiriki alitumia alama mbili: moja kuonyesha maneno ya Kigiriki yasiyokuwamo katika Kiebrania, nyingine kuonyesha yale yaliyoongezwa kujaza pengo. Nikaazima wazo hilo. Nyota ndogo ilisimama popote nilipoongeza neno ili Kiswahili kisimame, na kistari popote kitu cha babu kilipokosa pa kukaa. Kila mpulizo wa maji ulipata kistari.

Nikaona nimemaliza. Jumamosi iliyofuata nikapanda tena, nikamsomea babu jedwali lote kutoka kwenye simu, Kidawida kwanza, halafu Kiswahili. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akanirekebisha mara mbili. Nilipofika mstari wa 9 akainua mkono.

"Hayo nilishayatema," akasema. "Wewe umeyaokota wapi?"

"Yamo kwenye simu, babu."

"Basi yarudishe."

Katika mstari wa 9 alikuwa amemtaja mtoto wa ndugu yake na mpaka wa shamba, na jinsi alivyomkasirikia. Alilitaja jambo hilo ili limtoke. Kule shambani, siku ile, lilitoka kweli, likaenda na maji. Kwenye jedwali langu lilikuwa limepata nambari, likatafsiriwa ili hata watu wa mbali walisome, na likawekewa mistari pande zote nne.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kubadilisha jina. Ndivyo tulivyofundishwa kumlinda msimulizi. Nilipomweleza, babu alinitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu vibaya. Jina halikuwa shida yake. Hata nikiandika Fulani, hasira ni ile ile, na yeye alikwisha kuiacha.

Wazo la pili lilikuwa kuufuta mstari na kuhesabu upya, 16 badala ya 17. Hakuna ambaye angejua. Lakini jedwali ni aina ya kiapo. Linapoweka chasili kushoto na tafsiri kulia, linamwambia msomaji: angalia mwenyewe, sijaficha kitu. Ukilishona pale lilipokatwa, umelitumia kudanganya kwa njia ambayo aya ya kawaida haiwezi, kwa sababu hakuna anayeishuku nambari.

Rafiki yangu mmoja darasani, Msagala, alinipinga kwa hoja nzito. Maandishi ya Kidawida ni machache, alisema, na ya kutasa ni machache zaidi. Mzee akiondoka, mstari huo umeondoka naye. Je, wajukuu zako wakiuliza hasira ilitolewaje hasa, utawaonyesha pengo? Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, na sina hadi leo. Nilichoweza kusema ni kwamba mtu anayeandika kutasa huku akiyazuia maneno yasiondoke hajaandika kutasa. Ameandika malalamiko ya mzee juu ya shamba. Ile hali ya maneno kuondoka ni sehemu ya matini, kama mpulizo wa maji ulivyo sehemu yake, na kama nilikuwa tayari kuvunja sentensi ya Kiswahili kwa heshima ya mpulizo, ningewezaje kulikataa hili?

Hoja hiyo ina mpaka, nauona. Nisingekubali mwanasiasa aniambie alishayatema maneno yake ya mkutanoni. Tofauti ni kwamba mwanasiasa alisema ili yabaki kwetu, na babu alisema ili yasibaki kwa mtu yeyote. Pia sikumuuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Nilimwambia tu kwamba ni kazi ya shule, naye kwa mapenzi akakubali, bila kujua kwamba kazi ya shule ingekuja kumsomea.

Basi mstari wa 9 ukabaki na nambari yake. Kushoto, kistari. Kulia, kistari. Kwenye safu ya maelezo niliandika: hapa msimulizi alitoa hasira yake, maneno yameachwa kwa ombi lake. Kwenye rekodi nikakata sehemu hiyo, sekunde zisizofika 20, na nikaandika juu ya ukurasa kwamba imekatwa, ili anayesikiliza asidhani simu ilikwama.

Mhadhiri aliyarudisha makaratasi baada ya wiki mbili. Visanduku viwili vya mstari wa 9 alivizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: chasili iko wapi? Nikaenda ofisini kwake. Nikamweleza kwamba ilitemwa. Alinyamaza kidogo, akauliza babu anaishi upande gani, nikamwambia. Akasema mwongozo wa kusahihisha una alama nne za ukamilifu wa matini na hawezi kuzitoa pale pasipo matini. Halafu akairudia karatasi, akasoma safu ya maelezo kutoka juu hadi chini, polepole, na 21 akaiacha ilivyo.