Alikuwa Moto, Akapoa

Kwa misimu miwili nilikuwa mweka rekodi wa timu yetu ya mtaa. Ni kazi ambayo hakuna mtu huigombania, kwa sababu unakaa kando ya uwanja na daftari huku vumbi likikuingia machoni. Msimu wa pili, straika wetu alifunga mabao saba katika mechi tano. Mtaa mzima ukawa na jina lake mdomoni. Siku za kazi alikuwa makanga, na sisi tukamwambia aache: kuna klabu zinatafuta watu kama wewe, utafanyaje mazoezi ukiwa umening'inia kwenye mlango wa matatu tangu saa kumi na moja alfajiri? Mimi nilikuwa kati ya waliosema hivyo. Akaacha.

Mechi tisa zilizofuata alifunga matatu. Kabla msimu kuisha hukumu ilikuwa tayari. "Huyu ameshajiona." "Ameanza madharau." Mwingine alisema ni pombe, na hakuna aliyeuliza alimwona akinywa wapi. Kocha akamweka benchi. Sikumtetea.

Tangu hapo kuna swali limenikalia kichwani: ukimwona mtu kwa mechi tano tu, una haki ya kusema nini juu yake?

Chukua Papiss Cissé, Msenegali aliyetua Newcastle Januari 2012. Kama ulikuwa unatazama Ligi ya Uingereza wakati huo unamkumbuka. Mabao 13 katika mechi 14 za ligi. Lile la Mei dhidi ya Chelsea, alilopiga kwa upande wa nje wa mguu kutoka pembeni kabisa, mpira ukapinda juu ya kipa, bado watu wanaliangalia kwenye simu. Msimu uliofuata alicheza mechi 36 za ligi na kufunga 8. Na mashabiki wakasema yaleyale tuliyosema sisi kwenye vumbi letu: ameshiba, ameridhika.

Lakini kabla ya Newcastle, Cissé alikuwa Freiburg, Ujerumani, na huko alifunga mabao 37 katika mechi 65 za ligi. Hiyo ni kama 0.57 kwa mechi, yaani zaidi kidogo ya goli moja kila mechi mbili. Sasa tuseme kiwango chake hakikubadilika hata chembe alipovuka kwenda Uingereza. Katika mechi 14 tungemtarajia afunge kama 8. Lakini magoli hayaji kwa mpangilio kama mshahara. Kuna mpira unaogonga mwamba ukaingia na kuna unaogonga mwamba ukatoka, na straika ni yuleyule. Ukipiga hesabu ya kawaida ya matukio yanayokuja kwa bahati, mtu wa kiwango hicho atafikisha 13 au zaidi katika mechi 14 kama mara 6 kwa kila 100. Si kila siku, lakini si muujiza pia.

Na kumbuka hatukumchagua Cissé kwa kura. Tulimwangalia kwa sababu alikuwa anafunga. Ligi ina mastraika wengi, na kila mmoja ana vipande vingi vya mechi 14 unavyoweza kuvikata. Lazima mmoja wao atakuwa moto mahali fulani, na huyo ndiye tutakayemwandikia wimbo. Akirudi kwenye kiwango chake cha siku zote, sisi tunaona ameanguka. Watu wa takwimu huita hiyo kurudi kwenye wastani. Hakuna kinachomvuta mtu chini. Ni kwamba bahati iliyompandisha haina mkataba naye wa kuendelea.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu ni rahisi mtu akishaijua hesabu hii aitumie kufuta kila kitu. Shabiki aliyeamini zile mechi 14 angetarajia mabao kama 33 katika mechi 36 zilizofuata. Aliyeamini Freiburg angetarajia kama 20. Cissé alifunga 8. Kutoka 33 hadi 20, hiyo ni wastani ukidai chake. Kutoka 20 hadi 8 kuna mambo mengine. Pengine ligi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko ile ya Ujerumani. Kuna wakati alisukumwa pembeni ili Demba Ba akae katikati, hadi Ba alipoenda Chelsea Januari 2013. Na timu nzima ilishuka, kutoka nafasi ya 5 hadi ya 16. Huhitaji kumtukana mtu ili kueleza hayo.

Na si kila moto ni wa bahati. Michael Olunga wetu alifunga mabao manane katika mechi moja kule Japani Novemba 2019. Ile mechi peke yake haikutuambia mengi. Kilichotuambia ni mwaka wa 2020, mabao 28 katika mechi 32 za ligi ya juu. Straika wa nusu goli kwa mechi angefika huko kwa bahati tupu chini ya mara 1 kwa 100. Sampuli ikiwa kubwa, bahati inaishiwa na mahali pa kujificha.

Kinachonisumbua zaidi ni kile tunachojifunza vibaya. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alisimulia kuhusu wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Walimwambia kwamba wakimsifu mwanafunzi baada ya kuruka vizuri sana, safari inayofuata huwa mbaya zaidi, na wakimfokea aliyeruka vibaya, inayofuata huwa afadhali. Kwa hiyo wakaamini kufoka kunafanya kazi. Kahneman akaona kwamba safari nzuri mno ingefuatwa na ya kawaida hata kama kila mtu angenyamaza, na mbaya mno vilevile. Ebu fikiria ni makocha wangapi, wazazi wangapi, wamethibitishiwa ukali wao na wastani tu.

Mwezi uliopita nilifungua lile daftari. Msimu wa kwanza kijana wetu alikuwa amefunga 12 katika mechi 26. Kwa kiwango hicho, mechi tisa zilimdai kama mabao manne. Alifunga matatu. Yaani pombe, madharau, na benchi, vyote vilikuwa juu ya goli moja. Na yale saba ya moto? Manne yalikuja siku moja, dhidi ya timu iliyofika na wachezaji tisa kwa sababu gari lao liliharibika njiani. Mengine mawili yalikuwa penalti. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu na bado nilimwambia aache kazi.

Siku hizi amerudi kwenye matatu, ruti tofauti. Nilimkuta jioni moja, nikampa hamsini, na kwa sababu foleni haikuwa inasonga nikamweleza habari ya daftari, ile nne na ile tatu. Alisikiliza huku akihesabu chenji ya watu.

"Magoli uliandika," akasema. "Na mashuti je?"

Hapo alinishika. Mashuti na nafasi ndiyo mambo ya kwanza ya kuangalia. Magoli ni machache mno, lakini mtu anayeendelea kufika kwenye nafasi nzuri na kupiga vilevile hajabadilika, hata kama nyavu zimenyamaza.

"Ile mechi ya tatu niligonga mwamba mara mbili," akasema. "Uliandika?"

Sikuwa nimeandika.