Kifungo Ambacho Hakuna Jaji Aliyekipima

Binti anapomwandikia Rais kumwombea msamaha baba yake, mzee mgonjwa aliyekaa gerezani miaka mingi, wengi huisoma barua hiyo kama kilio tu. Wenye moyo laini huiunga mkono kwa sababu wanamwonea huruma, na wenye moyo mgumu huikataa kwa sababu huruma, wasemavyo, haina nafasi mbele ya sheria. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: kwamba haki tayari ilikwisha kusema neno lake, na kinachoombwa sasa ni kitu cha ziada kilicho nje ya haki. Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga. Nchini Kenya wapo wazee wafungwa ambao haki haijawahi kupima adhabu yao hata siku moja, na kwao barua ya binti haiombi kipimo kipunguzwe, bali inaomba kipimo kifanyike.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila uliojengwa juu ya sheria halisi. Mtu alipatikana na hatia ya wizi wa mabavu mwaka 1997, akiwa na miaka hamsini. Adhabu ya kosa hilo iliandikwa kwenye sheria, nayo ni kifo. Hakimu hakuwa na ruhusa ya kuuliza nani alishika silaha na nani alisimama mlangoni, wala kama mshtakiwa alikuwa na rekodi ya uhalifu au hakuwa nayo. Akishamwona ana hatia, alitamka kifo, basi. Lakini Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, kwa hiyo mfungwa huyu alikaa akisubiri kamba ambayo haikuja. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Uamuzi huo ulikuwa wa utu, ila ulikuwa wa jumla: uliwagusa wote kwa tamko moja, bila kumtazama mmoja mmoja. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba, na wafungwa wengi wakakimbilia kuomba wahukumiwe upya. Mwezi wa Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Mzee wetu wa wizi wa mabavu akabaki nje. Hata punguzo la theluthi moja ambalo wafungwa wengine hulipata kwa tabia njema halimfikii, maana sheria ya magereza imemtenga mfungwa wa maisha. Amepita miaka sabini na mitano, na katika safari yote hiyo hakuna aliyeketi akauliza: kwa alichokitenda mtu huyu, anastahili miaka mingapi?

Mlango uliobaki ni kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010. Kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi, na Rais, kwa ushauri wa kamati maalum, anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kuifuta yote au sehemu yake. Binti basi ana haki ya kuandika, lakini ni vyema ajue anaandika kama nani. Hawezi kumsamehe baba yake kwa niaba ya aliyeporwa na kupigwa, kwa kuwa jeraha si lake. Hawezi kutubu kwa niaba ya baba yake, kwa kuwa toba haina wakala. Wala hapaswi kudai kwamba baba hakutenda kosa. Dai hilo lina njia yake ya rufaa, au ombi kwa Mahakama Kuu ukipatikana ushahidi mpya, na barua inayosema kwa pumzi moja "hakutenda" na "msameheni" hujibomoa yenyewe. Kinachombakia ni mambo mawili ambayo hakuna faili inayoyabeba vizuri: kushuhudia adhabu imegeuka kuwa nini, na kujitoa kuwa mdhamini wa kinachofuata.

Ushahidi huo una uzito kwa sababu adhabu hutua mwilini, na mwili hubadilika. Kilichoamriwa ni kunyimwa uhuru. Mfungwa aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi na anayehitaji kusafishwa figo kila wiki hanyimwi uhuru peke yake. Anategemea kuwepo kwa gari la kumpeleka hospitali, kuwepo kwa askari wa kumsindikiza, na mfungwa mwenzake wa kumwogesha. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana nje. Pale gereza lisipoweza hilo, mzee anatumikia adhabu ya pili ambayo hakuna mahakama iliyoitamka. Barua ya maana itaeleza hayo kwa ripoti ya daktari, itataja mwenendo wake gerezani, itasema atalala wapi, nani atamtunza na atatibiwa hospitali gani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa aliyeumizwa. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba mtawala akimsamehe mhalifu kwa kosa alilomtendea raia mwingine, anawadhulumu raia wake. Ndani ya maneno hayo kuna ukweli: dola haiwezi kuwa karimu kwa mali ya mtu mwingine. Ndiyo maana Katiba inairuhusu kamati kuzingatia maoni ya waathiriwa, na naamini ingepaswa kuwatafuta kila mara badala ya kungoja wajitokeze. Ila hoja ya Kant inachukulia kwamba kuna deni linalojulikana, na kwamba msamaha unalifuta. Katika kesi ya mzee huyu deni halijawahi kuhesabiwa. Aliyeumizwa ana haki ya kudai kwamba kosa lichukuliwe kwa uzito. Hana haki, wala hakuna mtu mwingine aliye nayo, ya kudai kwamba adhabu isiwe na kipimo.

Wengine watauliza habari ya mfungwa asiye na binti wa kumwandikia. Upendeleo huo upo, lakini dawa yake si kumnyamazisha binti. Kwa kuwa mtu yeyote anaweza kupeleka ombi, afisa wa magereza au daktari wa gereza naye anaweza, na inafaa iwe kazi yake. Kisha ipo hofu ya kudanganywa na utabiri wa kifo. Abdelbaset al-Megrahi, aliyefungwa kwa mlipuko wa ndege ya Lockerbie, aliachiliwa huko Uskoti Agosti 2009 ikidhaniwa amebakiza kama miezi mitatu. Alifariki Mei 2012. Funzo ni kwamba ombi lisisimame juu ya hesabu ya miezi. Lisimame juu ya kile ambacho mgonjwa hawezi tena kufanya na kile ambacho gereza haliwezi kumpa, na msamaha uwe wa masharti: makao yanayojulikana, kuripoti kwa afisa wa probesheni, kutomkaribia aliyemdhuru.

Hoja hii ina mpaka. Mfungwa ambaye jaji alimsikiliza, akapima na kumpa miaka thelathini, hawezi kuitumia. Kwake uzee na ugonjwa vitasimama peke yao, na kamati inaweza kuona havitoshi. Lakini kwa waliopokea kifo cha lazima kisha maisha kwa tamko moja, kamati inayokataa inapaswa kuandika ni miaka mingapi ingetosha, na kwa nini ile iliyokwisha kupita haitoshi. Ikishindwa kuitaja idadi hiyo, haina msingi wa kumshikilia mzee huyo siku moja zaidi.