Siri, Sitara na Kioo cha Steshenari

Kiswahili hutenganisha siri na sitara, na tofauti hiyo hutufaa zaidi ya neno "faragha" tunapoijadili kompyuta inayotumiwa na wengi. Siri ni jambo ambalo wengine hawalijui. Sitara ni kifuniko ambacho anayelijua humwekea mwenziwe.

Tuchukue steshenari ya mjini Tanzania, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwombaji yatima hana siri mbele ya karani. Humkabidhi namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa na cheti cha kifo cha mzazi. Karani huchapa, hutuma, hulipwa. Baadaye huketi mwombaji mwingine, kikabonyezwa kisanduku kilekile cha fomu, na kivinjari kikateremsha orodha ya yaliyochapwa humo na waliotangulia. Hapana aliyeiba.

Namba ya mtihani peke yake haisemi mengi. Lakini Baraza la Mitihani huchapisha matokeo mtandaoni, shule kwa shule, kwa namba za watahiniwa. Namba ikionekana kando ya jina, alama za mtu zi wazi. Namba ya kitambulisho nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukurasa unaoficha mkia wa namba na kuacha kichwa haujasitiri kitu. Heri tarakimu nne za mwisho, na hizo pia pale tu zinapohitajika kuhakikiwa.

Kutoka kwenye akaunti hakuifuti orodha ile, kwani imehifadhiwa na kivinjari, si na tovuti. Vibonye `Ctrl+Shift+Delete` hufungua sehemu ya kufuta, ambamo lazima kuhakikisha kwamba data za fomu zimechaguliwa. Dirisha la faragha halihifadhi yaliyochapwa, ila fomu iliyopakuliwa hubaki katika `Downloads`, na mara nyingi cheti kilichoskaniwa kipo jirani. Hapo naona pabaya zaidi: orodha huonyesha namba, faili huonyesha msiba.

Mazoea yetu humtaka mwombaji ajilinde. Siafiki. Siri huweza kulindwa na mwenyewe. Sitara, kwa maana yake, hutoka kwa mwingine, na mwombaji mwenye foleni mgongoni hana hata nafasi ya kushika kipanya. Wajibu ni wa karani, na kabla yake ni wa aliyebuni fomu.

Karani ana hoja yake, na si hoja dhaifu: huhifadhi faili kwa sababu maombi yakirudishwa kusahihishwa, mteja hurudi akiwa hana nakala. Ni wema huo. Lakini wema huo ungetimia vilevile kama nakala ingewekwa kwenye flashi ya mteja au kutumwa kwa barua pepe yake, kisha ikafutwa mezani, na pipa la taka la kompyuta likamwagwa kabla ya kuitwa anayefuata.